Funga mlango wa kurasa kwanza, maneno baadaye: matangazo ya Google kwa duka lenye kurasa elfu nne

Wafanyabiashara wengi mnaotumia huduma za pesa kwa simu sasa mna duka mtandaoni, na baadhi yenu mna duka kubwa kuliko mnavyodhani. Hesabu tu. Muuzaji wa pembejeo na spea hapa Chepseon, kwenye barabara ya Kericho kwenda Nakuru, akiweka kila bolti, kila mkanda, kila pampu na kila mashine ya chai kwenye ukurasa wake, atafika kurasa elfu nne kabla ya mwaka kuisha. Hapo hawezi tena kukaa chini na kuandika tangazo moja moja kwa kila bidhaa. Ndipo mtu anamwambia: washa yale matangazo ya Google yanayojitunga yenyewe.

Kwenye skrini yanaitwa Dynamic Search Ads, na yamekuwepo tangu 2011. Mimi nitayaita matangazo yanayojitunga. Si mabaya. Ninachopinga ni jinsi watu wanavyoyawasha, kisha wakiona pesa zinaisha wanakimbilia kuzuia maneno mabaya, moja baada ya jingine, kama mtu anayefukuza nzi huku mlango uko wazi. Maoni yangu ni kwamba kazi ianze na kurasa. Amua kwanza ni kurasa zipi zina ruhusa ya kuita wateja. Maneno yaje baadaye.

Kwanza tuelewane yanavyofanya kazi. Katika tangazo la kawaida la utafutaji, wewe unachagua maneno, kwa mfano "mashine ya kuchuna chai bei", na tangazo lako linatokea mtu akitafuta hivyo. Katika haya yanayojitunga huchagui neno hata moja. Google tayari imesoma kurasa za tovuti yako, kama inavyosoma tovuti nyingine zote. Mtu akitafuta kitu, inaangalia ni ukurasa gani wako unaofanana na alichoandika, inatunga kichwa cha tangazo yenyewe, na inampeleka mtu huyo moja kwa moja kwenye ukurasa ule. Wewe unaandika yale maelezo mafupi ya chini tu, mistari miwili isiyozidi herufi 90 kila mmoja. Kichwa si chako, ukurasa si chaguo lako, na ukibonyezwa unalipa.

Ni kama kumwajiri manamba pale stejini ambaye hajui biashara yako lakini anajua kusoma kila bango ulilobandika ukutani. Akiona bango la pampu anaita wenye haja ya pampu. Sawa kabisa. Lakini akiona karatasi ya zamani ya tangazo la kazi uliyosahau kubandua, ataita pia wanaotafuta kazi, na utamlipa kwa kila aliyeingia dukani. Kosa si la manamba. Ni la karatasi iliyobaki ukutani.

Pesa zinavyopotea

Tuchukue duka la mfano hapa Chepseon. Tarakimu ni za mfano pia, ili tuweze kuhesabu pamoja. Tovuti ina kurasa 4,000. Kati ya hizo, kurasa 2,900 ni za bidhaa, lakini 1,100 kati yake ni bidhaa ambazo kwa sasa haziko stoki. Kurasa 300 ni makala: jinsi ya kupogoa chai, jinsi ya kutunza injini, na kadhalika. Kurasa 750 zimejitengeneza zenyewe kwa sababu ya vichujio na lebo za tovuti, yaani ile orodha inayotokea mtu akichagua rangi fulani au bei fulani. Hamsini zilizobaki ni za kawaida: masharti, mawasiliano, nafasi za kazi.

Mwenye duka anawasha tangazo na kuchagua kurasa zote, kwa sababu ni rahisi. Bajeti ni shilingi 600 kwa siku. Kila kliki inamgharimu bob 15. Wiki ikiisha ana kliki 280 na amelipa shilingi 4,200. Anaona idadi ya wageni imepanda, anafurahi. Lakini maagizo ni matatu tu.

Akifungua ripoti ya Landing pages, inayoonyesha kila kliki ilitua wapi, anakuta hivi: kliki 118 zilienda kwenye makala, 63 kwenye bidhaa ambazo hana, 41 kwenye zile kurasa za vichujio, na 58 pekee ndizo zilizofika kwenye bidhaa aliyo nayo kwenye rafu. Yaani kati ya shilingi 4,200, shilingi 870 tu ndizo zilizotafuta mteja. Zile 3,330 zilienda na maji.

Na makala iliyokula zaidi ni ipi? Ile ya bonasi. Mwenye duka aliandika makala nzuri kabisa kuhusu jinsi mkulima anavyoweza kutumia bonasi ya chai kununua mashine. Sasa, kila mkaaji wa Kericho na Bomet anajua kinachotokea viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA vinapotangaza bonasi, mara nyingi Septemba au Oktoba. Watu wote wana simu mkononi wakitafuta kitu kimoja: kiwanda chetu kimelipa ngapi kwa kilo. Makala ina maneno bonasi, chai, Kericho na kilo. Kwa macho ya mashine ya Google inafanana sana na wanachotafuta. Tangazo linatoka, mkulima anabonyeza, haoni bei ya kiwanda chake, anarudi alikotoka. Bob 15 zimeenda. Mwingine anafuata.

Kuna wanaonijibu: lakini huyo ndiye mtu mwenye pesa inayokuja, mwache aingie. Nimeisikia hoja hiyo na sikubaliani nayo. Mtu anayetafuta kiwango cha bonasi yuko kwenye shughuli ya kujua haki yake, na mwaka ambao kiwango ni cha chini yuko kwenye hasira. Hayuko sokoni. Ukitaka kweli kujaribu kumshawishi, mtengenezee kampeni yake, kwa sababu bajeti huwekwa kwa kampeni nzima. Mpe bob 100 kwa siku uone. Usimwache ale bajeti ya mtu anayetafuta mkanda wa pampu leo.

Kwa nini kuzuia maneno pekee hakutoshi

Mwenye duka wetu, kama wengi, angefungua ripoti ya Search terms, inayoonyesha watu waliandika nini, aone "bonasi ya chai 2025" na kuiweka kwenye orodha ya maneno yaliyokatazwa. Vizuri. Kesho yake anaona "tea bonus Kericho". Anaizuia. Keshokutwa "KTDA imelipa ngapi". Kesho tena "bonus ya majani chai Bomet". Hatamaliza, na kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba maneno ya kuzuia hayaelewi maana. Neno la kulenga siku hizi Google hulinyoosha hadi maneno yenye maana sawa, lakini neno la kuzuia halinyooshwi hivyo. Ukizuia "bonasi", "bonus" inapita. Ukizuia "job", "jobs" inapita. Kwa Kiswahili hali ni ngumu zaidi kwa sababu neno letu moja lina sura nyingi: kuchuna, kuchunia, inachuna, wachunaji. Kwa mashine hayo ni maneno manne tofauti, na kila moja linahitaji mstari wake.

Ya pili ni nzito zaidi, na wengi hawaijui. Ripoti hiyo haikuonyeshi kila kitu. Tangu Septemba 2020 Google huonyesha yale tu yaliyotafutwa na watu wa kutosha. Maneno ya mtu mmoja mmoja, yale ya ajabu ajabu, huyaoni, ingawa kliki zake umezilipia. Jumlisha gharama za maneno yote yaliyo kwenye orodha, kisha linganisha na ulicholipa kwa jumla, utaona pengo. Duka lenye kurasa maelfu huvutia maneno mengi ya aina hiyo. Sasa utazuiaje neno usiloliona? Ukurasa lakini unauona. Makala ya bonasi ikishatolewa, maneno yote yaliyokuwa yakiingia kupitia kwake hukosa mlango huo, yale unayoyaona na yale usiyoyaona.

Kutengeneza mlango

Njia ninayoipendekeza ni kuipa Google orodha yako mwenyewe ya kurasa na kuiambia isitoke nje yake. Orodha hiyo inaitwa page feed. Ni faili rahisi yenye safu mbili: anwani ya ukurasa, na lebo unayoitunga mwenyewe. Lebo zikiwa zaidi ya moja zinatenganishwa kwa nukta mkato. Inaonekana hivi:

```
Page URL,Custom label
https://www.example.co.ke/chai/mashine-kuchuna-25cc,IPO;CHAI
https://www.example.co.ke/pampu/pampu-mgongo-lita-20,IPO;PAMPU
https://www.example.co.ke/maziwa/mtungi-lita-50,IPO;MAZIWA
```

Duka letu la mfano litaweka humo zile bidhaa 1,800 zilizo stoki, basi. Makala hazimo. Vichujio havimo. Bidhaa zilizoisha hazimo. Lebo IPO inamaanisha iko kwenye rafu leo, na ile ya pili inakuwezesha kugawa matangazo kwa makundi, ili maelezo ya chini ya tangazo la chai yazungumzie chai na ya maziwa yazungumzie maziwa.

Hapa kuna mtego ambao unawanasa hata wanaolipwa kufanya kazi hii. Kupakia faili hakutoshi. Kuna mambo mawili mengine, na ukisahau moja faili yako ni pambo. Ndani ya mipangilio ya kampeni, mahali pa kuchagua chanzo cha kurasa, lazima uchague kutumia kurasa za page feed pekee. Kuna chaguo jingine la kutumia faili yako pamoja na kurasa ambazo Google imezisoma yenyewe, na ukiliacha hilo, ile makala ya bonasi bado ina njia. Halafu ndani ya kundi la matangazo lazima ulenge lebo zako, mathalani IPO pamoja na CHAI, si kurasa zote. Ukitaka kujua kama mlango umefungwa kweli, subiri siku mbili tatu kisha rudi kwenye Landing pages. Ukiona hata anwani moja ambayo haimo kwenye faili, kuna kitu hukukibonyeza.

Wasio na mtu wa kutunza faili hutumia njia nyingine: kulenga kurasa ambazo anwani yake ina neno fulani, au kichwa chake kina neno fulani. Inafaa, ila angalia unachoandika. Mwenye duka la chai akilenga anwani zenye `chai`, atashangaa kuona tangazo lake linaitia misumeno ya kukatia miti. Kwa nini? Kwa sababu `chainsaw` inaanza na herufi hizohizo. Mashine haijui Kiswahili, inalinganisha herufi. Andika `/chai/` pamoja na mikwaju yake pande zote mbili, ili ichukue tu kurasa zilizo ndani ya sehemu hiyo ya tovuti. Bila shaka hiyo inataka anwani za tovuti yako ziwe zimepangwa hivyo tangu mwanzo. Kama ni `product.php?id=4471` kwa kila bidhaa, njia hii haikusaidii, rudi kwenye faili.

Upande wa kukataza pia upo. Sehemu ya Negative dynamic ad targets inakuruhusu kusema: usiite kamwe kwa ukurasa wenye `/makala/` au `/tag/` kwenye anwani. Mimi huweka hivyo hata kama nina faili, kama kufuli la pili, maana siku moja mtu atabadilisha mpangilio bila kukuambia.

Bidhaa zilizoisha

Hili ndilo linaloumiza biashara zaidi, na linamuumiza mteja pia. Fikiria mkulima wa Kedowa. Pampu yake imeharibika, anatafuta kwenye simu, anaona tangazo lenye jina la pampu ileile, anabonyeza, anaona bei. Kama tovuti haisemi wazi kwamba imeisha, anatuma pesa. Halafu ndiyo simu zinaanza: iko wapi, nirudishieni. Kurudisha pesa kuna usumbufu wake, na jina la duka linazunguka kijijini haraka kuliko tangazo lolote. (Kwa upande wako kama mnunuzi: tangazo juu ya ukurasa wa Google si ushahidi kwamba kitu kipo. Piga simu kwanza.)

Google inakuruhusu kukataza kurasa ambazo ndani yake mna maneno fulani, kwa mfano "Out of stock". Wengi huishia hapo, na ninaona si salama kuitegemea peke yake. Kwanza, Google inatumia ilichokisoma mara ya mwisho ilipopita. Bidhaa iliyoisha asubuhi inaweza kuendelea kuitwa kwa siku kadhaa mpaka ukurasa usomwe upya. Pili, maneno lazima yawe yaleyale. Kama fundi wako aliandika "Out of stock" kwenye bidhaa za zamani na "Imeisha" kwenye mpya, unazuia nusu tu.

Tatu ndiyo ya kuchekesha, ingawa mwenye duka hacheki. Tovuti nyingi zina kisanduku pembeni cha kuchuja bidhaa, na ndani yake kuna chaguo lililoandikwa "Out of stock". Kisanduku hicho kiko kwenye kila ukurasa. Au chini ya bidhaa nzuri kuna picha za bidhaa zinazofanana, mojawapo ikiwa na alama kwamba imeisha. Mashine inasoma ukurasa mzima, inakuta maneno yaliyokatazwa, inauacha. Unajikuta umezima duka lote. Dalili yake ni rahisi kuitambua: idadi ya mara tangazo lilivyoonekana inaporomoka karibu na sifuri siku chache baada ya kuweka katazo, na hakuna kosa lolote linaloonyeshwa. Ukiona hivyo usiongeze bajeti. Fungua ukurasa wa bidhaa iliyopo, tafuta maneno yale ndani yake, utayakuta.

Kwa hiyo stoki isimamiwe kwenye faili. Bidhaa ikiisha, lebo IPO inatoka. Ukitunza orodha yako kwenye Google Sheets, unaweza kupanga faili isomwe upya kila siku bila kuipakia kwa mkono. Lakini kuna mtu lazima abadilishe safu ile. Hili nalisema bila kuficha: kama dukani hakuna mtu wa kufanya hivyo angalau mara mbili kwa wiki, aina hii ya matangazo haikufai. Chagua bidhaa ishirini zinazouzika sana, andika matangazo ya kawaida kwa maneno uliyochagua mwenyewe, uishi kwa amani. Na duka la kurasa arobaini halihitaji haya yote.

Sasa ndiyo maneno

Baada ya kurasa kutengenezwa, yanabaki maneno ambayo kweli ni kazi ya orodha ya kuzuia. Haya ni yale yanayofika kwenye ukurasa sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Mfano mzuri uko hapahapa kwetu. Mashine ya kuchuna chai ni bidhaa, lakini pia ni habari. Mei 2023 mashine kama hizo zilichomwa moto katika mashamba ya Kericho, na watu kote nchini walitaka kujua kilichotokea. Duka linalouza mashine hiyo ukurasa wake ni halali, uko kwenye faili, una lebo IPO. Lakini anayeandika "mashine za kuchuna chai maandamano Kericho" hataki kununua. Hapa huwezi kuondoa ukurasa, maana ndio unaokulisha. Unazuia neno: maandamano, zilichomwa, "protest", "burnt". Pia mchunaji anayetafuta kibarua atafika kwenye ukurasa huohuo, na yeye anatafuta riziki, hastahili kupotezewa muda na bando.

Sasa usikimbilie kuzuia neno "kazi". Nimeona orodha zilizofanya hivyo. Kwa Kiingereza neno la ajira ni moja na la kufanya kazi ni jingine, kwa hiyo zile orodha za kuzuia zinazouzwa mtandaoni zinafanya kazi vizuri kule kwao. Kwetu, mnunuzi makini ndiye anayeandika "mashine ya kuchuna chai inafanya kazi vipi". Ukizuia "kazi" peke yake umemfukuza yeye pia. Zuia kifungu kizima, ukikiweka ndani ya alama za mtajo ili mpangilio wa maneno uheshimiwe: "kazi ya kuchuna", "nafasi za kazi", "vibarua". Halafu ongeza vya Kiingereza, umoja na wingi, kwa sababu mtu huyohuyo leo anatafuta kwa Kiswahili, kesho kwa Kiingereza.

Kuna na maneno mazuri. Ukiona kwenye ripoti kwamba "bei ya pampu ya mgongo lita 20" inaleta maagizo kila wiki, usiiache mikononi mwa manamba. Itengenezee tangazo la kawaida lenye neno hilohilo kamili. Alichoandika mtu kikilingana kabisa na neno lako kamili, Google hulipa kipaumbele tangazo lile badala ya linalojitunga, na hapo kichwa unaandika wewe. Kwangu hii ndiyo faida kubwa ya matangazo yanayojitunga: yanakuonyesha watu wa huku wanaita vitu kwa majina gani. Muuzaji ameandika "knapsack sprayer", mkulima anasema pampu ya mgongo. Ukishalijua hilo, liandike kwenye kichwa cha ukurasa wenyewe pia, kwa sababu kichwa cha tangazo hutungwa kwa kuangalia ukurasa. Ukurasa unaoitwa "Bidhaa 4471" utazaa tangazo lisilovutia mtu.

Baada ya kufunga mlango

Duka letu la mfano likishafanya haya, kliki zitapungua. Usishtuke. Huenda kutoka 280 zikashuka hadi 150 kwa wiki, na bei ya kila moja ikapanda, tuseme hadi bob 18, kwa sababu sasa unashindania watu ambao wauzaji wengine pia wanawataka. Hiyo ni shilingi 2,700. Lakini zote 150 zinatua kwenye kitu kilichopo, pale zamani zilitua 58. Aliyezoea kupima biashara kwa idadi ya wageni ataona kama mambo yameharibika. Pima kwa maagizo yaliyolipiwa, ukiyalinganisha na malipo unayoyaona kwenye simu yako.

Jambo moja kuhusu pesa yenyewe, hasa kwa wanaolipia matangazo kwa kadi ya mtandaoni inayojazwa kutoka kwenye simu. Bajeti ya bob 600 kwa siku si ukuta. Google inaweza kutumia hadi mara mbili ya hiyo kwa siku moja yenye watafutaji wengi, kisha itumie kidogo siku nyingine. Kikomo chake ni cha mwezi: bajeti ya siku mara 30.4, yaani kama shilingi 18,240 kwa mwezi mzima. Kwa hiyo siku ya bonasi kutangazwa, kama mlango uko wazi, si bob 600 zitakazoenda. Zinaweza kuwa 1,200 kabla ya saa za jioni, zote kwa watu wanaouliza bei ya kilo.

Kalenda ya chai inajulikana. Wiki moja kabla ya matangazo ya bonasi kuanza, pitia faili, hakikisha chanzo bado ni page feed pekee, na siku tatu za kwanza fungua Landing pages kila asubuhi kabla hujafungua duka. Inachukua dakika tano.